Sauti inakatika-katika au inakuwa kama roboti kwenye simu: lini kubadili 4G, 3G na 2G kunasaidia

Mtandao ukiwa hafifu, simu huita vizuri, ikapokelewa vizuri, kisha mazungumzo yote yakaishia kwenye "halo, halo, unanisikia?" Wengi wetu hapo hukata na kupiga tena. Mara nyingine inasaidia, kwa kuwa simu imebahatika kushika mnara mwingine au masafa mengine, lakini hujui kilichosaidia ni nini, na kesho tatizo liko palepale.

Kuna jambo moja unaloweza kulifanya mwenyewe kwenye mipangilio ambalo lina nguvu kuliko kupiga tena na tena, nalo ni kuiambia simu itumie mtandao upi: 4G, 3G au 2G. Katika hali fulani linaponya kabisa. Katika hali nyingine linazidisha ubovu, na linaweza hata kukuacha usipatikane. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kujua uko katika hali ipi kabla hujagusa chochote.

Kinachotokea sauti ikivunjika

Simu huikata sauti yako vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kila sekunde, inavibana, kisha inavirusha kimoja kimoja kuelekea mnarani. Kipande kimoja kikipotea njiani, simu ya mwenzako haiachi pengo. Inarudia kipande kilichotangulia kwa sauti ya chini kidogo, na sikio halitambui chochote. Vikipotea vitatu au vinne kwa mfululizo, marudio hayo yanaanza kusikika, na ndipo inapotoka ile sauti ya roboti, ya kama mtu anaongea ndani ya pipa la bati. Vikipotea vingi zaidi, simu inaacha kubahatisha na kunyamaza, na neno zima linamezwa.

Ndiyo kusema sauti ya roboti na sauti inayokatika ni ugonjwa uleule katika hatua mbili. Ukianza kusikia uroboti, ujue vipande vimeshaanza kupotea na maneno yako karibu kukatika.

Kuna sauti ya tatu ambayo watu huichanganya na hizo: sauti iliyofifia, nzito, isiyo na ung'avu, lakini kila neno linafika. Hiyo si hitilafu. Mtandao wa 2G na 3G unaweza kupunguza ukubwa wa sauti kutoka kilobiti 12.2 kwa sekunde hadi 4.75 ili nafasi inayobaki itumike kuilinda isipotee njiani. Ukisikia hivyo mahali penye mtandao hafifu, acha kama ilivyo. Mtandao unakutetea.

Hatua ya kwanza: tafuta ni upande gani unaovunjika

Mazungumzo yana njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, na mara nyingi ni moja tu iliyoharibika. Mpigie mtu mmoja mkiwa mmeelewana. Yeye akae kimya, wewe hesabu polepole kutoka moja hadi ishirini, naye aandike namba alizozisikia. Kisha mbadilishane. Kuhesabu ni bora kuliko kupiga soga, kwa sababu kwenye soga ubongo hujaza maneno yaliyopotea bila mtu kujua. "Kumi na nne" ikipotea, imepotea, na kwenye karatasi inaonekana.

Kama hakuna wa kukusaidia, piga namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako usikilize ile sauti iliyorekodiwa. Huyo hana mtandao mbovu upande wake. Sauti yake ikikukatikia, ubovu uko kati yako na mnara, kwenye njia ya kuja kwako.

Matokeo yanasomwa hivi. Ukiwa unamsikia mwenzako vizuri lakini yeye hakusikii, njia yako ya kwenda mnarani ndiyo inayoshindwa, au njia ya mnara wake kuja kwake. Mpigie mtu wa pili aliye mahali pengine. Naye akilalamika vilevile, tatizo ni lako. Wa pili akikusikia bila shida, basi yule wa kwanza ndiye anayehitaji kusoma mwongozo huu, na ukibadili mipangilio ya simu yako hutabadilisha lolote.

Ile hali ya "mimi nakusikia, wewe hunisikii" ndiyo ya kawaida kabisa pembezoni mwa mtandao, na ina sababu. Mnara hurusha kwa nguvu ya makumi ya wati. Simu yako ikiwa kwenye 4G hurusha kwa karibu wati 0.2 tu, hata ikijitahidi mpaka mwisho. Mnara unakufikia, wewe huufikii. Lakini simu hiyohiyo ikiwa kwenye 2G ya masafa ya megahezi 900 inaruhusiwa kurusha hadi wati 2, mara kumi ya ile ya 4G. Ukweli huu ndio unaoeleza kwa nini kitochi cha bibi kijijini kinaongea vizuri pale ambapo simu janja mpya inagugumia.

Kabla ya kuendelea, ondoa washukiwa wa bure. Kama unatumia vifaa vya bluetooth masikioni, vizime na ujaribu simu yenyewe, kwani navyo hukata sauti kwa namna inayofanana sana na ya mtandao. Angalia kava lisiwe limefunika tundu dogo la maikrofoni chini ya simu. Na usiishike simu kwa kuikumbatia chini kabisa, kwa kuwa simu nyingi zimewekewa antena hapo.

Hatua ya pili: angalia herufi wakati simu iko hewani

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Alama ya 4G unayoiona kabla ya kupiga haikuambii simu yako itaongea kwa mtandao gani. Mtandao wa 4G ulitengenezwa kwa ajili ya data. Ili sauti ipite humo, lazima simu, laini na kampuni ya simu vyote vikubali huduma inayoitwa VoLTE. Mahali ambapo haipo au haijawashwa, simu huiacha 4G mara tu unapopiga, inateremka 3G au 2G, na simu ikikatwa inapanda tena.

Kwa hiyo piga simu ya kawaida, na mwenzako akishapokea, ondoa simu sikioni utazame juu ya kioo. Ikiendelea kuandika 4G, LTE, VoLTE au HD pembeni ya 4G, sauti inapita kwenye 4G. Ikigeuka kuwa 3G, H au H+, uko kwenye 3G. Ikiwa E, G, au hakuna herufi yoyote pembeni ya vijiti, uko kwenye 2G.

Herufi hiyo ndiyo itakayokuambia ubadili nini. Mtu ambaye simu yake huteremka 3G kila anapopiga anaweza kuhangaika na nguvu ya 4G nyumbani kwake mwaka mzima bila faida, kwa kuwa sauti yake haikupita huko hata siku moja.

Hatua ya tatu: soma namba badala ya vijiti

Kila mtengenezaji wa simu huvipanga vijiti anavyopenda. Namba haibembelezi. Kwenye simu nyingi za Android ingia Settings, kisha About phone, kisha SIM status (kwenye baadhi iko ndani ya Status), utafute Signal strength. Utaona kitu kama `-104 dBm`. Namba ina alama ya kutoa mbele, kwa hiyo -85 ni nguvu zaidi kuliko -104.

Njia nyingine ni kufungua sehemu ya kupigia na kuandika:

```
*#*#4636#*#*
```

Kwenye Android nyingi inafungua ukurasa wa majaribio wenye taarifa za laini. Kwenye Samsung, baadhi ya aina hutumia `*#0011#`. Kwenye iPhone andika `*3001#12345#*` kisha ubonyeze kupiga.

Sasa kuna mtego. Namba ya 4G na namba ya 2G hazipimwi kwa namna moja, kwa hiyo usizilinganishe. Kwenye 4G simu hupima kipande chembamba sana cha mawimbi, na kwenye 2G hupima chaneli nzima. Kwa sababu hiyo -105 kwenye 4G ni mtandao hafifu ambao bado unaongeleka, ilhali -105 kwenye 2G ni karibu na kuzimika. Mimi hutumia mipaka hii: kwenye 4G, mpaka -100 hakuna sababu ya kulaumu nguvu ya mawimbi, kutoka hapo hadi -110 ni hafifu lakini bado unaongeleka, kati ya -110 na -115 ni eneo la mashaka, na kuvuka -115 tegemea sauti kuvunjika. Kwenye 2G na 3G, mpaka -90 ni salama, na kuvuka -100 shida inaanza.

Soma namba mahali hasa unapopigia simu, si uani. Paa la bati na nondo za ukutani huzuia mawimbi, na kutoka chumbani hadi barazani namba inaweza kupungua au kuongezeka kwa 10 au zaidi. Tofauti ya 10 si ndogo: ni mara kumi ya nguvu.

Hatua ya nne: badili, subiri, pima tena

Njia ya kufika kwenye mpangilio inatofautiana kidogo. Kwenye Android nyingi, zikiwemo Tecno na Infinix, ingia Settings, kisha Network & internet au Mobile network, chagua laini unayoitaka, kisha Preferred network type. Kwenye Samsung ni Settings, Connections, Mobile networks, kisha Network mode. Kwenye iPhone ni Settings, Cellular au Mobile Service, kisha Cellular Data Options au laini yenyewe kama ziko mbili, kisha Voice & Data, ingawa machaguo utakayoyaona hutegemea kampuni ya simu.

Usibadili katikati ya mazungumzo, simu itakatika. Ukishabadili, ipe simu nusu dakika ijisajili upya kwenye mtandao, hakikisha vijiti vimerudi, kisha rudia lile jaribio la kuhesabu ukiwa umekaa palepale. Ukihama kiti ukabadili na mtandao kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichosaidia.

Sasa uamuzi unafuata herufi uliyoiona.

*Sauti inapita 4G na namba ni mbaya kuliko -112 hivi.* Hapa kubadili kunasaidia kuliko mahali pengine popote, hasa kama wewe ndiwe husikiki. Chagua 3G/2G, na isipotosha, 2G peke yake. Kama simu yako ina kitufe cha VoLTE au 4G Calling, unaweza kukizima hicho tu: data itabaki kwenye 4G na simu za kawaida zitateremka zenyewe. Mimi huanza na njia hii kila inapowezekana, kwa sababu haimnyimi mtu intaneti.

*Sauti inapita 4G, namba ni nzuri, lakini bado inavunjika.* Nguvu ya mawimbi siyo tatizo. Huenda minara miwili inaingiliana, mnara umeelemewa, au simu yako iko mpakani mwa minara na inarukaruka. Tazama namba kwa dakika moja bila kusogea. Ikiwa herufi inageuka kati ya 4G na 3G kila mara, kuifunga simu kwenye mtandao mmoja kunaituliza. Ikiwa haigeuki, jaribu 3G mara moja, na usiposikia tofauti rudisha ulipokuwa.

*Simu inateremka 3G na hapo inavunjika.* Una njia mbili, na zinaelekea pande tofauti. Sehemu nyingi 3G hurushwa kwenye megahezi 2100, masafa ambayo hayapendi kuta. Tena mnara wa 3G una tabia ya kupungua eneo lake watu wakizidi kuutumia, kwa hiyo nyumba iliyo pembeni inaweza kuwa na sauti safi saa nne asubuhi na mbovu saa mbili usiku. Kama 4G yako ina nguvu, washa VoLTE ili simu isiteremke kabisa. Kama 4G nayo ni hafifu, shuka moja kwa moja 2G.

*Tayari uko 2G na sauti inavunjika.* Hakuna ngazi ya chini zaidi. Kama namba imevuka -100 uko mwisho wa mtandao, na dawa ni kusogea. Kama namba ni nzuri, chaneli zimejaa au zinaingiliana, jambo linaloonekana sana kwenye masoko, stendi na mikutano. Hapo panda: 3G, au 4G yenye VoLTE.

Onyo moja, nalo ni zito. Ukurasa wa `*#*#4636#*#*` una chaguo linaloitwa LTE only. Wapo wanaolichagua ili intaneti iwe na kasi. Kama laini yako haina VoLTE, chaguo hilo linakuondolea uwezo wa kupiga na kupigiwa simu za kawaida. Anayekupigia ataambiwa hupatikani, na wewe hutapata dalili yoyote. Usiliache limewashwa.

Mfano: nyumba iliyo nyuma ya kilima

Mama mdogo anaishi milimani Lushoto, upande wa bonde ambao mnara uko ng'ambo, na kati yake na mnara kuna mgongo wa kilima. Nyumba ni ya matofali na paa la bati. Alipopewa simu janja, malalamiko yalianza: wanawe walioko Dar es Salaam walikuwa hawamwelewi. "Mama, unakatika, ongea kwa nguvu," nao wanamwambia. Naye anapaza sauti, jambo ambalo halisaidii, kwa kuwa kinachopotea ni vipande vya sauti na si ukubwa wake.

Tulifanya jaribio la kuhesabu akiwa amekaa sebuleni. Mwanawe alipohesabu, mama aliandika zote ishirini. Mama alipohesabu, kijana aliandika moja, mbili, tatu, saba, nane, kumi na mbili, na baada ya hapo akasema ni kama anaongea na mashine. Njia ya kwenda ndiyo iliyokuwa inashindwa. Tukampigia na shangazi aliyeko Tanga mjini, naye akasema vilevile, kwa hiyo upande wa Dar ulisafishika.

Katikati ya simu, kioo kilionyesha VoLTE na 4G. Sebuleni namba ilikuwa -118. Barazani ilikuwa -109, na huko kijana alisikia karibu zote. Hilo peke yake lingekuwa jibu kwa mtu mwingine, lakini Lushoto usiku kuna baridi, na mama mdogo hawezi kuongea barazani kila anapopigiwa.

Tukabadili kwenda 3G. Ndani namba ikawa -111 na simu ya kwanza ikakatika kabla ya kufika kumi. Tukashuka 2G peke yake: -92. Kijana aliandika moja mpaka ishirini bila kukosa hata moja. "Sauti imekuwa nzito kidogo, mama, lakini nakuelewa kila neno."

Lakini 2G inafunga milango mingine. Intaneti yake ni ya polepole mno, picha za wajukuu kwenye WhatsApp haziji, na kwenye mtandao huo data kwa kawaida husimama mtu anapoongea na simu. Huduma za pesa kwa kubonyeza nyota na reli zinaendelea kufanya kazi, programu zake ndizo zinazogoma. Simu yake ina nafasi mbili za laini, na Preferred network type huwekwa kwa kila laini peke yake. Kwa hiyo laini anayopigiwa na watu tuliiweka 2G, na laini ya pili, ya kampuni nyingine ambayo 4G yake inaingia vizuri zaidi ndani, ikabebeshwa bando na kuachwa kwenye mpangilio wa kujichagulia. Akiwa anaongea kwa laini ya kwanza, data ya ile ya pili hutulia, akikata inarudi. Hilo halimsumbui.

Simu za WhatsApp ni habari nyingine

Kila nilichosema kuhusu kushuka 2G kinageuka kinyume ukipiga kwa WhatsApp. Simu ya kawaida, iwe ya 2G, 3G au VoLTE, mtandao huitengea njia yake au huipa kipaumbele. Simu ya WhatsApp ni data kama data nyingine, inapanga foleni pamoja na video za jirani. Ubovu wake una sura yake: sauti inachelewa, mnaongea kwa kugongana, kisha maneno yanakuja kwa haraka yakiwa yamebanwa, kwa sababu programu inajaribu kufidia vipande vilivyochelewa. Kioo kikiandika Reconnecting, foleni imezidi.

Kwa hiyo ukipiga kwa WhatsApp na ukaona H au E juu ya kioo, jitahidi upande 4G, hata kama ni hafifu kiasi. Kuifunga simu kwenye LTE only kwa muda wa mazungumzo hayo kunaweza kusaidia pale simu inaporukaruka kati ya 3G na 4G, ila kumbuka onyo la hapo juu na urudishe ukimaliza. Ndani ya WhatsApp, Settings, kisha Storage and data, kuna Use less data for calls. Iwashe, na uzime video. Kama 4G hakuna kabisa mahali hapo, usipigane na WhatsApp. Piga simu ya kawaida.

Ndugu walioko Marekani wajue kwamba kampuni kubwa za huko zilizima 3G mwaka 2022. Ushauri wa kushuka 3G hauwahusu. Kwao jibu la mtandao hafifu ndani ya nyumba ni Wi-Fi Calling, ambayo hupitisha simu ya kawaida kwenye intaneti ya nyumbani.

Kama hakuna mtandao uliosaidia

Umejaribu yote matatu na namba ni mbaya kote. Basi mipangilio imefika mwisho wake, na kinachobaki ni mahali. Tembea ndani ya nyumba ukisoma namba, polepole, kwa sababu huchukua sekunde kadhaa kubadilika. Dirisha linaloelekea mnarani kwa kawaida hushinda. Ukilipata, iache simu hapo dirishani na uongee kwa earphone za waya ukiwa umekaa pembeni. Simu iliyotulia juu ya dirisha, mbali na kiganja na kichwa, hurusha vizuri kuliko iliyobanwa sikioni.

Rudisha mpangilio wa kujichagulia unapoondoka eneo hilo. Simu iliyosahauliwa kwenye 2G itakunyima intaneti mjini, na usalama wa 2G ni dhaifu: simu haina namna ya kuhakikisha kwamba mnara inaoungana nao ni wa kweli. Kwa sababu hiyo baadhi ya simu mpya zina kitufe cha Allow 2G. Kikiwa kimezimwa, simu haitashika 2G hata ukiitaka.

Na kama namba ni nzuri kwenye mitandao yote lakini sauti inavunjika saa zilezile kila siku, tatizo liko mnarani, na mwenye uwezo wa kulitatua ni kampuni ya simu. Ukiwapigia, usiseme "mtandao unasumbua", kwa sababu watakuambia uzime simu na kuiwasha. Wape kijiji au mtaa, saa tatizo linapoanza na kuisha, herufi uliyoiona wakati wa simu, namba ya dBm, na upande usiosikika. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Wasipolishughulikia, kwa Tanzania malalamiko hayo hupelekwa TCRA na kwa Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na huko swali la kwanza litakuwa kama uliripoti kwanza kwenye kampuni yako, na lini.